Mkataba Ukifa, Kifungu cha Usuluhishi Hubaki Hai

Mwanzoni mwa mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera yalishuka mno. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji yake katika bonde la Usangu mkoani Mbeya na kupita Iringa kabla ya kuingia bwawani, ulikuwa umedhoofika kwa ukame. Mtera ina mitambo ya megawati 80, na maji yakishapita hapo huteremka kwenda kuzungusha mitambo mingine ya megawati 204 Kidatu. Kwa hiyo enzi hizo mvua ikikosekana Usangu, taa zilizimika Dar es Salaam. Mgawo wa umeme ukaingia, viwanda vikasimama, na serikali ikaanza kutafuta mitambo ya dharura.

Tarehe 23 Juni 2006 TANESCO ilitia saini mkataba na kampuni ya Richmond kwa ajili ya umeme wa dharura wa megawati 100. Richmond ilishindwa kuleta mitambo kwa wakati, na kabla mwaka haujaisha mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Yaliyofuata wengi wanayakumbuka. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria na mbunge wa Kyela. Februari 2008 taarifa ya kamati ilisomwa bungeni, ikieleza jinsi zabuni ile ilivyotolewa kwa kampuni isiyo na uwezo. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Mwaka huohuo TANESCO ikauvunja mkataba.

Dowans haikwenda mahakamani. Ilikwenda kwa wasuluhishi, kwa sababu mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema migogoro itapelekwa kwenye usuluhishi chini ya kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ICC ya Paris, ambayo haina uhusiano wowote na ile ICC ya The Hague inayoshitaki wahalifu wa kivita. Mbele ya jopo la wasuluhishi watatu TANESCO ilijitetea kwamba mkataba ulikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa sheria ya ununuzi wa umma haikufuatwa. Novemba 2010 jopo liliukataa utetezi huo na kuiamuru TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 65, fedha zilizotajwa wakati ule kuwa karibu shilingi bilioni 94. Septemba 2011 Mahakama Kuu ikakubali kuisajili tuzo hiyo.

Nchi ilichemka. Katika hasira ile lilikuwamo swali moja la kisheria ambalo halikujibiwa vizuri, ingawa liliulizwa kila mahali, kuanzia bungeni hadi kwenye vijiwe vya Mwanjelwa: kama mkataba wenyewe ni haramu, hawa wasuluhishi wamepata wapi mamlaka? Mamlaka yao yamo katika kifungu kimoja cha mkataba huohuo. Mkataba ukiwa batili, si na kifungu chake ni batili?

Swali ni la haki kabisa, na jibu lake linamhusu hata asiye na habari na Dowans. Linamhusu mwenye kiwanda cha mbao Mafinga, chama cha ushirika cha wakulima Rungwe, na mkandarasi wa barabara aliyesaini mkataba wa kurasa mia moja bila kufika ukurasa wa themanini. Jibu lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya, nami nitazitenganisha kwa sababu kila moja ina nguvu zake na mipaka yake.

Kabla ya hapo, tuelewane kuhusu usuluhishi unaozungumziwa. Si kikao cha wazee cha kupatanisha ndugu waliokosana. Msuluhishi wa kibiashara ni mwamuzi binafsi aliyekubaliwa na pande mbili. Anasikiliza ushahidi, anatoa uamuzi unaoitwa tuzo, na tuzo hiyo ikisajiliwa mahakamani hutekelezwa kama hukumu. Anayeshindwa anaweza kukamatiwa mali.

Sehemu ya kwanza ni kujitegemea kwa kifungu cha usuluhishi. Sheria huchukulia kwamba watu wanaposaini mkataba wenye kifungu hicho wanafanya makubaliano mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza ni la biashara yenyewe: kuuza nguzo, kujenga daraja, kuzalisha umeme. La pili ni la namna ya kumaliza ugomvi wao. Yameandikwa kwenye karatasi moja na saini ni moja, lakini yana maisha tofauti. La kwanza likivunjwa, likiisha muda au hata likionekana batili, la pili halifi kwa sababu hiyo peke yake. Ili kuliua la pili ni lazima uonyeshe ugonjwa wake lenyewe.

Sababu ya sheria kufikia hapo ni ya kawaida sana. Watu huandika kifungu cha usuluhishi wakitazamia siku ambayo mambo yataharibika. Ugomvi mkubwa wa kibiashara karibu kila mara huja na madai kwamba mkataba umevunjwa, au umekwisha, au haukuwa halali. Kama madai hayo yangetosha kukifuta kifungu, basi kifungu kingefanya kazi siku za amani tu, ambapo hakihitajiki. Mdaiwa yeyote angesema "mkataba ni batili" na kuondoka.

Mahakama ya juu ya Ufaransa ililiweka wazi jambo hili katika kesi ya Gosset mwaka 1963. Uingereza ilikuja kulikamilisha mwaka 2007 katika kesi ya Fiona Trust, ambako wamiliki wa meli walidai mikataba ya kukodisha meli zao ilipatikana kwa rushwa. Mabwana wa Sheria walisema rushwa hiyo, hata ikithibitika, iligusa mikataba ya meli. Hakuna aliyeonyesha kwamba kuna mtu alihongwa hasa ili akubali kifungu cha usuluhishi. Kwa hiyo swali la rushwa lenyewe likaenda kwa wasuluhishi.

Tanzania ilichelewa kuliandika jambo hili wazi. Sheria ya usuluhishi ya wakati wa mkoloni, iliyotumika tangu 1931, ilikuwa fupi na haikulitaja kwa maneno bayana. Katika shauri la Dowans pengo hilo lilizibwa na kanuni za ICC zenyewe, zile za mwaka 1998, ambazo kifungu chake cha 6 kilisema wasuluhishi hawapotezi mamlaka kwa sababu tu upande mmoja unadai mkataba ni batili, ilimradi wameona kifungu cha usuluhishi ni halali. Aliyekubali kanuni za ICC amekubali na hilo. Leo hali ni nyepesi zaidi: Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, imechukua sura ya sheria ya Kiingereza ya 1996 na kuyaandika mambo yote mawili tunayoyazungumzia.

Sehemu ya pili ni mamlaka ya msuluhishi kuamua juu ya mamlaka yake mwenyewe. Tuseme mtu anakuja mbele yake na kusema: wewe huna mamlaka juu yangu, sikusaini chochote, au ugomvi huu haumo ndani ya kifungu. Je, msuluhishi afunge faili na kusubiri mahakama iseme? Sheria inamjibu hapana. Anaruhusiwa kulisikiliza pingamizi hilo, kulitolea uamuzi, na akijiona ana mamlaka, aendelee na shauri.

Hapa ndipo wengi huona mzunguko. Kama hana mamlaka, ametumia mamlaka gani kusema hana? Mzunguko huo unakatika ukiangalia chanzo cha uwezo wake. Uwezo wa kumaliza ugomvi wa pande mbili anaupata kwao, kwa makubaliano yao. Uwezo wa kuanza kwa kuchunguza kama makubaliano hayo yapo anapewa na sheria ya nchi. Kwa hiyo hata akigundua kwamba makubaliano hayakuwepo, uamuzi wake wa kusema "sina mamlaka" ni halali, kwa sababu huo hakuutoa mfukoni mwa mkataba.

Kujitegemea kwa kifungu, basi, kunajibu swali la kama mkataba ukianguka kifungu kinaanguka nao. Mamlaka juu ya mamlaka yanajibu swali la nani anaanza kusema. Mtu anaweza kuwa na hili bila lile. Kama hakuna makubaliano yoyote yaliyowahi kufanyika, kujitegemea kwa kifungu hakumsaidii mtu, kwa kuwa hakuna cha kujitegemea. Lakini msuluhishi bado anaweza kuwa wa kwanza kusema kwamba hakuna.

Tulilete suala hili Mafinga, maana huko nguzo za umeme za mikaratusi ndiyo biashara yenyewe. Mfano huu ni wa kutunga, ila mambo yake ni ya kila siku. Kiwanda cha kutibu nguzo kinaingia mkataba na mkandarasi wa umeme wa Mbeya: nguzo 2,000, kila moja shilingi 240,000, jumla milioni 480. Mkandarasi analipa asilimia 30 kwanza, yaani milioni 144. Kiwanda kinapeleka nguzo 1,200 zenye thamani ya milioni 288, kisha kinasimama kusubiri malipo. Mkandarasi halipi. Anasema nguzo hazikuingia dawa ya kutosha, na zaidi ya hapo amegundua kwamba afisa ununuzi wake alihongwa na meneja wa kiwanda. Mkataba, anasema, ni batili tangu mwanzo. Ukurasa wa mwisho una kifungu kinachosema mgogoro wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao, ikiwemo swali la kuwepo kwake, uhalali wake au kuvunjwa kwake, utaamuliwa na msuluhishi mmoja, na makao ya usuluhishi ni Mbeya.

Mkandarasi anawahi Mahakama Kuu, Mbeya. Anafungua shauri akiomba mahakama itamke mkataba ni batili na arudishiwe milioni 144 zake. Kiwanda kinapokea hati ya madai. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea, na hupotea kimyakimya. Kanuni za kawaida za madai zinampa mdaiwa siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi, na wakili asiye makini ataandika utetezi mzuri wa kurasa kumi na tano kuhusu ubora wa nguzo, halafu kwenye aya ya mwisho aseme kwamba, kwa vyovyote, kuna kifungu cha usuluhishi. Amechelewa. Anayetaka kwenda kwa msuluhishi anatakiwa aombe shauri lisimamishwe kabla hajachukua hatua ya kujibu madai yenyewe. Akishajibu, amekubali mahakama imsikilize. Kifungu hakikufutwa na sheria. Yeye ndiye aliyekiacha.

Tuseme kiwanda kimewahi na kuomba shauri lisimamishwe. Jaji haulizi kama rushwa ilitolewa. Anauliza jambo dogo zaidi: kifungu cha usuluhishi kipo, kinafanya kazi, kinatekelezeka? Hongo kwa afisa ununuzi, hata kama ni kweli, ilikuwa kwa ajili ya bei na zabuni. Hakuna aliyesema meneja alilipa fedha ili msuluhishi wa Mbeya awekwe badala ya jaji wa Mbeya. Shauri linasimama, na suala la rushwa linakwenda kwa msuluhishi likiwa na uzito wake wote. Hilo ndilo jambo ambalo watu hulisahau: msuluhishi hakuambiwa aifumbie macho rushwa. Ameambiwa aiamue yeye.

Sasa badilisha jambo moja. Mkandarasi hasemi kuna mtu aliyehongwa. Anasema: saini iliyopo kwenye mkataba si yangu, mtu aliiga, na mimi nguzo nilizipokea kwa LPO yangu tu isiyo na kifungu chochote cha usuluhishi. Hili ni pigo la namna nyingine kabisa, kwani saini ikiwa ya kughushi, yote mawili yanakufa pamoja, biashara na usuluhishi, na kujitegemea hakuokoi kitu. Katika Fiona Trust mahakama yenyewe ilitoa mfano huu wa saini ya kughushi kuonyesha mahali kanuni inapoishia. Msuluhishi anaweza bado kuanza kwa kulichunguza pingamizi, akaita mtaalamu wa maandishi, akasoma LPO. Lakini neno lake hapa si la mwisho, na mwenye kupinga ana haki ya kulirudisha mahakamani.

Kati ya hayo mawili kuna hali ya tatu ambayo ndiyo ngumu zaidi, na huku nyanda za juu ni ya kawaida sana. Mkataba umesainiwa kweli, lakini na msimamizi wa saiti ambaye kampuni haikumpa idhini ya kuingia mikataba. Je, kukosa idhini kunaua kifungu? Huwezi kujibu kwa kusoma karatasi tu. Kama alikuwa na idhini ya kusaini mikataba ila akapitisha kiwango cha fedha alichowekewa, hoja ya kampuni inagusa bei, na kifungu kinaweza kubaki. Kama hakuwa na idhini ya kuifunga kampuni kwa jambo lolote lile, basi hakuifunga hata kwa usuluhishi. Ushahidi ndio utakaosema: mihtasari ya bodi, barua za nyuma, malipo yaliyokwisha kufanyika kwa mikataba aliyoisaini zamani. Kwa maoni yangu, anayesema "msimamizi hakuwa na mamlaka" baada ya kupokea na kusimika nguzo 1,200 ana mlima mrefu wa kupanda, lakini mlima huo si sawa na wa yule anayelalamikia bei.

Msuluhishi aliyepokea pingamizi la mamlaka ana njia mbili. Anaweza kulitolea uamuzi peke yake mwanzoni, au kulihifadhi na kuliamua ndani ya tuzo ya mwisho. Katika hali ya saini ya kughushi ni busara kuanza nalo, kwa kuwa ni swali linalosimama peke yake na likifaulu linaokoa gharama zote za kusikiliza habari za dawa na nguzo. Katika hali ya rushwa mara nyingi haiwezekani: mashahidi wa hongo ndio hao hao wa mkataba, na kuwaita mara mbili ni kuwatoza wenye shauri ada ya msuluhishi mara mbili.

Anayepinga naye ana wajibu wake. Pingamizi la kwamba msuluhishi hana mamlaka tangu mwanzo linapaswa kutolewa kabla hujaanza kujibu madai yenyewe mbele yake. Kushiriki katika kumteua hakukunyimi haki ya kupinga baadaye, jambo ambalo wengi hawalijui na kwa hofu hiyo hukataa hata kujibu barua, wakaishia kuteuliwa msuluhishi wasiyemtaka. Lakini ukikaa kimya, ukasikilizwa, ukashindwa, kisha ndipo ukumbuke kwamba hukuwahi kukubali usuluhishi, mahakama itakuuliza ulikuwa wapi.

Kwa hiyo neno la mwisho ni la nani? Ni la mahakama, na hili nalisisitiza kwa sababu baadhi ya mawakili huizungumzia kanuni hii kana kwamba msuluhishi ni mfalme. Sheria ya Kenya ya 1995 inalionyesha kwa uwazi mkubwa. Kifungu chake cha 17 kinampa msuluhishi nafasi ya kuamua kwanza, kisha kinampa asiyeridhika siku 30 kwenda Mahakama Kuu, ambayo uamuzi wake juu ya mamlaka ni wa mwisho. Wakati mahakama inasubiriwa, msuluhishi anaweza kuendelea, ila tuzo yake haitakuwa na nguvu kama mahakama itasema hakuwa na mamlaka. Mwaka 2010, katika kesi ya Safaricom dhidi ya Ocean View Beach Hotel, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba mahakama haipaswi kumrukia msuluhishi na kujibu swali hilo kabla yake. Msuluhishi anatangulia, lakini hafungi mlango.

Mfano mkali zaidi wa mipaka hiyo ulitokea Novemba 2010, mwezi uleule wa tuzo ya Dowans. Kampuni ya Dallah ya Saudi Arabia ilikuwa na mkataba wa kuwajengea mahujaji wa Pakistan makazi Makka. Mkataba ulisainiwa na mfuko ulioundwa na serikali ya Pakistan, na mfuko ukafa. Wasuluhishi waliokaa Paris walisema serikali yenyewe ilikuwa mhusika ingawa haikusaini. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliangalia ushahidi upya, kuanzia mwanzo, ikasema serikali haikuwa mhusika, na ikakataa kuitekeleza tuzo. Miezi mitatu baadaye mahakama ya rufani ya Paris iliangalia tuzo hiyohiyo na kusema wasuluhishi walikuwa sahihi. Msuluhishi akisema "fulani amefungwa na kifungu", mahakama haitaliheshimu neno hilo kwa sababu tu amelisema yeye. Na Dowans nayo haikuwa iliyosaini mkataba mwanzoni, ilihamishiwa. Katika shauri lolote la namna hiyo, mnyororo wa uhamisho, barua kwa barua, ndiyo sehemu ya kwanza ya kupekua.

Hadi hapa mtu anaweza kuhisi kwamba kanuni hizi zimetungwa ili kuwalinda wenye mikataba michafu. Hisia hiyo ina msingi wa kumbukumbu ya Dowans, lakini haina msingi wa sheria. Ushahidi wake uko jirani, Kenya.

Mwaka 1989 kampuni ya World Duty Free iliingia mkataba na serikali ya Kenya wa kujenga na kuendesha maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Biashara ilipoharibika, kampuni iliishitaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji. Katika maelezo yake, mwenye kampuni alisema mwenyewe kwamba ili kuupata mkataba alilipa dola milioni 2 kwa Rais Daniel arap Moi. Kenya ikasema: basi mkataba ulipatikana kwa rushwa, nasi tunaukana. Oktoba 4, 2006, jopo lililoongozwa na Gilbert Guillaume, aliyepata kuwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, liliikubali hoja ya Kenya. Mkataba uliopatikana kwa hongo hauwezi kumpa mwenye hongo haki ya kudai. Kampuni ikaondoka mikono mitupu.

Angalia kilichotokea. Kama kifungu cha usuluhishi kingekufa pamoja na mkataba, jopo lile lisingekuwa na uwezo wa kutamka kwamba mkataba haudaiki. Lingefunga faili, na mdai angeanza upya mahali pengine. Ni kwa sababu kifungu kilibaki hai ndiyo maana rushwa iliweza kupewa hukumu yake mara moja, na Kenya ikashinda. Dowans na World Duty Free zilipita mlango uleule. Matokeo yalipishana kwa sababu ya kilichowekwa mezani: katika shauri la Kenya kulikuwa na kauli ya mlipaji mwenyewe kuhusu hongo, wakati katika la Dowans kulikuwa na hoja ya taratibu za ununuzi, na jopo halikuridhika kwamba hizo zinaubatilisha mkataba ambao TANESCO yenyewe ilikuwa imeendelea nao. Taarifa ya kamati ya Bunge inaweza kumwangusha Waziri Mkuu. Mbele ya msuluhishi ni karatasi moja kati ya karatasi, na inapimwa kama ushahidi mwingine.

Nadhani hasira ya mwaka 2010 ilielekezwa mahali pasipo. Kuuliza "nani aliwapa mamlaka?" kuliwapa nafuu wale waliopaswa kuulizwa maswali magumu zaidi: nani aliandaa mkataba ule, nani aliukagua, kwa nini uliruhusiwa kuhamishwa, na ni ushahidi gani uliopelekwa au haukupelekwa mbele ya jopo. Hayo ndiyo yaliyoamua bilioni 94.

Kwa wasomaji wa Mbeya na Iringa wanaosaini mikataba ya nguzo, chai, parachichi, mpunga wa Mbarali au vifusi vya barabara, nawaomba mambo machache. Someni kifungu cha migogoro kabla ya kusoma bei, kwa sababu bei mtaweza kuijadili tena na kifungu hicho hamtaweza. Hakikisheni kinataja makao ya usuluhishi, idadi ya wasuluhishi na nani atawateua mkishindwa kukubaliana. Kifungu kinachosema "migogoro itaamuliwa kwa usuluhishi Nairobi au mahakamani Mbeya" kitawagharimu mwaka mzima wa kubishana kinamaanisha nini. Mkiwa wakulima wadogo na makao yamewekwa London, kataeni siku hiyohiyo, kabla ya saini, maana baada ya saini kudai kwamba mkataba wote ulikuwa wa kinyonyaji hakutaihamisha London kuja Tukuyu. Na mkipata hati ya madai au barua ya kuitwa kwenye usuluhishi mnaodhani hauwahusu, ipelekeni kwa wakili wiki hiyohiyo, mkamwambie pingamizi la mamlaka liandikwe kwanza, utetezi baadaye.